UZI: Filamu fupi ya Malindi 1498 kwa shilingi 20,000: maleba, siwa na msimulizi

Msabaki (Malindi)

Asalaam aleikum wanajamvi. Sisi ni vijana sita wa hapa Malindi na tunataka kupiga filamu ya dakika saba kuhusu siku mtawala wa mji wetu alipokutana na Wareno baharini, Aprili 1498. Tuna simu mbili zenye kamera nzuri, kinasa sauti cha kuazima na shilingi 20,000. Hizo hazitaongezeka.

Kisa chenyewe tunakijua kwa ujumla. Vasco da Gama alifukuzana na watu wa Mombasa, akaja kwetu, akapokewa kwa amani, akapewa rubani wa kumvusha hadi India. Tunataka msimulizi aongoze hadithi, kwa sababu waigizaji wetu hawajazoea kusema mbele ya kamera. Picha ya kwanza tuliyoiwaza ni meli tatu zikichomoza baharini, ila meli hatuna. Naomba msaada juu ya maleba, vifaa, na huyo msimulizi awe nani.

Somo wa Shela

Waaleikum salaam. Kwanza ziache meli. Hata mkipata mtu wa kuzichora kwa kompyuta, zitaonekana zimebandikwa, na mtazamaji akishagundua picha ya kwanza ni ya uongo hataamini ya pili. Kaeni upande wa pwani. Wageni waonekane kwa macho ya watu wa Malindi: mtu anasimama, anakinga jua kwa mkono, anatazama. Sauti ya msimulizi inamaliza kazi.

Tena msimulizi mnaye tayari, ndani ya kumbukumbu zenyewe. Safari ile iliandikwa siku kwa siku na mtu mmoja aliyekuwa ndani ya meli hizo. Anaeleza kwamba tarehe 14 Aprili, kati ya Mombasa na Malindi, walikifukuza chombo cha wenyeji na kukikamata. Ndani mlikuwa na watu 17, dhahabu, fedha na nafaka, pamoja na mzee mmoja mwenye hadhi na mkewe kijana. Watu walijitupa baharini, wakaokotwa. Jioni hiyo Wareno walitia nanga mbele ya Malindi na mateka wao. Jumatatu tarehe 16 yule mzee alipelekwa kwenye fungu la mchanga mbele ya mji, akaachwa hapo, mtumbwi ukaja kumchukua. Ndiye aliyempelekea mtawala habari kwamba wageni wanataka amani.

Mzee amesimama peke yake kwenye fungu, maji yamemzunguka, mkewe bado yuko mikononi mwa wageni. Filamu ianzie hapo. Hamhitaji meli hata moja, na mna mtu mwenye sababu ya kusimulia. Jina lake halikuandikwa, kwa hiyo msimbunie. Maneno ya simulizi yatakuwa yenu, na mwishoni muandike wazi kwamba ni ya kubuni, kwa sababu shahidi aliyeacha maandishi ni Mreno.

Kipepo

Wazo zuri, lakini mimi ningemfanya msimulizi Ahmad ibn Majid, baharia mkubwa wa Kiarabu aliyempeleka da Gama Kalikati. Jina lake linajulikana dunia nzima, filamu itapata watazamaji. Kwa Wareno, kateni mitungi ya plastiki mtengeneze zile kofia za chuma zenye upanga kama wa jogoo juu, mpake rangi ya fedha. Wanawake wavae kanga na buibui, kila nyumba zipo, hamtatumia senti. Halafu nyuma mpate ule mnara wa da Gama pale Malindi, watu watatambua mahali mara moja.

Somo wa Shela

Kipepo, kuhusu rubani umekaribia. Ibn Majid alikuwa bingwa kweli na vitabu vyake vya uabiri vipo hadi leo. Lakini maandishi ya ndani ya meli hayamtaji, na mwandishi Mreno wa karne ya 16, Barros, anamwita rubani yule Malemo Kana, mtu wa Gujarati. Wanahistoria wengi wa sasa hawakubali kwamba alikuwa Ibn Majid, ambaye mwaka ule alikuwa tayari mzee sana. Msimulizi aseme "mwalimu wa bahari kutoka Gujarati" basi.

Zile kofia za chuma zenye ukingo wa kupinda na upanga juu ni za katikati ya karne ya 16, mwaka 1498 hazijakuwepo. Kanga ni ya karne ya 19 mwishoni, na buibui jeusi limekuja baada yake. Nguzo ya msalaba iliwekwa kwa idhini ya mtawala safari ya kurudi, Januari 1499, na ile koni nyeupe inayoishikilia ilijengwa karne nyingi baadaye. Ikionekana nyuma ya mzee wa Aprili 1498, kila mwanafunzi wa Malindi ataanza kucheka.

Msabaki, vitu vinavyoharibu filamu ya zamani ni vile vilivyo nyuma ya mwigizaji kuliko alivyovaa. Mwarobaini uko kila mahali Malindi na Lamu lakini uliletwa. Bogonvilia na mkorosho asili yake Amerika, na kwa sokoni hivyo hivyo: hakuna mahindi, muhogo, nyanya wala mapapai. Wekeni mtama, nazi, ndizi, ndimu, machungwa. Na msiende kupiga Gede mkasema huu ndio mji ulio hai. Yule Mreno wa melini anaeleza nyumba ndefu za kwenda juu, zilizopakwa chokaa, zenye madirisha mengi. Magofu ya kijivu yasiyo na lipu yanaonyesha mji uliokufa. Ukuta mmoja mweupe wa chokaa nyuma ya nyumba ya mtu, ukipigwa kwa karibu bila nyaya za umeme, utawafaa zaidi.

Mwalimu wa Kilifi

Nimefurahi kuona vijana mnaingia mashindano ya michezo ya kuigiza. Sisi shuleni tuliigiza kisa cha Fumo Liongo, na siri ni kuvifanya vitu viwe vikubwa. Taji la boksi la dhahabu inayong'aa, ndevu za pamba, pembe la karatasi lenye rangi kali, ili hata jaji aliye kiti cha nyuma aone. Pia msimulizi asimame pembeni ya jukwaa na kitabu mkononi. Muda wenu ni dakika ngapi kwa mujibu wa kanuni za mwaka huu?

Msabaki

Shikamoo mwalimu, ahsante. Yetu si ya jukwaani, ni ya kupigwa kwa simu, ila ushauri wa taji tumeupokea.

Somo wa Shela

Mwalimu, heshima yako. Kwa jukwaa uko sawa kabisa. Kwenye kamera mambo yanageuka: kitu kinachong'aa kwa mbali ndicho kinachojisaliti kwa karibu. Kamera itafika shibri mbili kutoka kwenye kitambaa na kuonyesha kila uzi.

Ndiyo maana shilingi 20,000 zisitawanywe. Chagueni vitu vichache ambavyo kamera itavikaribia, mvifanye vizuri, na vingine vyote viwe nguo ya pamba na ngozi ya mtu. Kwa siku ya mkutano, Jumatano tarehe 18, Mreno ametupa orodha ya kutosha. Mtawala alikuja kwa chombo chake. Alivaa joho la hariri ya maua lenye pambizo za satini ya kijani, na kilemba cha thamani. Alikaa kwenye viti viwili vya shaba vyenye mito, chini ya mwavuli wa duara wa satini nyekundu uliofungwa kwenye mti. Mzee mmoja alimshikia upanga mfupi wenye ala ya fedha. Kulikuwa na wapiga panda wengi, na pembe mbili za ndovu zilizochongwa, ndefu kama kimo cha mtu, zinazopulizwa kwa tundu la ubavuni.

Hizo pembe ni siwa. Mkiwa na siwa, mwavuli na joho, mna filamu.

Baba Nahodha (Lamu)

Dada wa Shela amenena. Mimi nina jambo la maji tu, maana nimeona vijana wanataka fungu la mchanga bila kuuliza maji.

Mwanangu Msabaki, fungu linaonekana vizuri wakati wa bamvua, mwezi mpya na mwezi mpevu. Lakini pwani yetu bamvua hukupwa kuanzia kama saa nne hadi saa tano asubuhi, jua liko juu, uso wa mzee utakuwa na vivuli vyeusi chini ya macho. Maji huchelewa karibu dakika hamsini kila siku. Kwa hiyo mkienda siku tatu kabla ya mwezi mpevu, kupwa kunaangukia karibu saa mbili asubuhi, jua bado la upande, na fungu bado liko nje ingawa si kubwa sana. Siku hiyo ndiyo yenu. Mkikosa, msingoje maji mafu, fungu halitatoka. Angalieni jedwali la maji, na muwe na mtu mmoja kazi yake ni kutazama maji tu. Yakianza kujaa hujaa kwa nyuma yenu, kwenye mkondo kati ya fungu na pwani, na aliyeko fungu hana habari.

Malindi pia mna Sabaki. Mvua zikianza bara, ghuba inakuwa ya kahawia. Haina ubaya kihistoria, mto ulikuwepo, lakini msipige nusu kabla ya mvua na nusu baada yake, bahari itabadilika rangi katikati ya sentensi.

Kuhusu chombo. Mtakodi mashua, na mashua ya leo si ya wakati ule. Pwani hii kulikuwa na mtepe, mbao zake zimeshonwa kwa kamba ya makumbi, na tanga la mraba la mkeka. Mtepe hampati. Basi msionyeshe ubavu wa chombo wala tanga la pembetatu. Nyuma ya mtawala tundikeni jamvi kubwa, lijae ndani ya picha nzima, na mbele yake kamba ya makumbi. Kamba ya nailoni ya buluu ifichwe, dumu la petroli lifichwe, na namba ya mashua ifunikwe.

Kadzo

Jamani mimi nilipiga harusi ya dada yangu pwani na simu, upepo ukala sauti yote, hadi leo hatujui kadhi alisema nini. Je, filamu yenu haitapata tatizo hilo? Nilinunua kile kisponji cha kufunika kipaza sauti, hakikusaidia kitu.

Somo wa Shela

Kadzo, kisponji hukinga pumzi ya msemaji, si upepo wa kusi. Kinachozuia upepo ni manyoya marefu juu ya kisponji, hata ya kitambaa cha manyoya ya mitumba. Lakini hawa ndugu zetu wana msimulizi, kwa hiyo hawahitaji kabisa sauti ya pwani. Warekodi msimulizi chumbani, ndani ya chumba chenye kitanda, magodoro na nguo zilizotundikwa ili ukuta usirudishe mwangwi, wazime friji na feni. Baharini warekodi mawimbi peke yake, dakika mbili tu, upande uliokingwa.

Msabaki, jambo ambalo vijana wengi hawalipimi ni urefu wa simulizi. Maneno yetu ni marefu. Msomaji mzuri wa Kiswahili, kwa utulivu wa mzee, husoma maneno 90 hadi 100 kwa dakika. Dakika saba zingebeba maneno 650, lakini mkiandika 650 hakutakuwa na nafasi ya siwa kulia wala ya mtu kutazama. Andikeni 400. Someni kwa sauti huku mtu anashika saa kabla hamjapiga picha yoyote, kisha kila sentensi muiulize: je, picha haisemi hili tayari?

Msabaki

Tumeanza kuandika. Huu ni mwanzo, tuukosoe pamoja:

"Walinishusha hapa maji yalipotoka. Hawakunipiga. Walinionyesha mji wangu kwa kidole, wakaniambia niseme amani. Mke wangu amebaki kwao, na watu wa chombo chetu wamebaki kwao. Nami naambiwa niseme amani. Mtumbwi unakuja. Nitamwambia nini mkubwa wa Malindi?"

Maswali yangu: siwa tunaitengenezaje? Na joho? Kuna mzee mmoja jirani anasema ana pembe la ndovu la zamani anaweza kutuazima.

Somo wa Shela

Mwanzo huo uacheni ulivyo. Labda "walinionyesha mji wangu kwa kidole" muitoe, kwa sababu mwigizaji anaweza kugeuka na kuutazama.

Pembe la jirani msiliguse. Kuwa na pembe la ndovu bila kibali ni kosa kubwa kwa sheria za Kenya, na mkilipiga picha mtakuwa mmejiandikia ushahidi wenyewe. Nendeni Makumbusho ya Lamu, au hata picha zake, mtazame siwa ya pembe ya Pate na ya shaba ya Lamu. Zile ni za baada ya 1498 lakini umbo na namna ya kupuliza vinalingana na alivyoeleza Mreno.

Mnunue paipu nyeupe ya plastiki ya inchi moja na nusu, urefu wa kama mita moja na sentimita sitini. Ijazeni mchanga mkavu, mzibe ncha zote mbili kwa vitambaa, muizungushe polepole juu ya makaa bila kuigusisha. Ikilegea ikunjeni kidogo, kama pembe lenyewe linavyopinda, muishikilie hadi ipoe. Mchanga ndio unaozuia paipu kubonyea. Fanyeni nje, upande ambao moshi hauwarudii. Ikianza kugeuka kahawia au kutoa harufu kali, mmekaribia moto mno, na moshi huo ni sumu.

Kisha unene. Pembe ni nyembamba mdomoni na pana mwishoni, paipu ni sawa kote. Viringisheni magazeti kuanzia upande mpana, mengi huko na machache kadiri mnavyopanda, mfunge kwa uzi. Pakeni juu vipande vya gazeti vilivyolowekwa kwenye uji mwepesi wa unga wa ngano. Tabaka moja, juani hadi likauke kabisa, ndipo la pili. Watu huharakisha hapa, wanapaka matatu kwa mara moja, nje panakauka na ndani kunaoza. Mtajua kwa harufu, na kwa kubonyea mkigusa. Kabla ya tabaka la mwisho, gundisheni kamba nyembamba ya katani kwa mistari ya kusukana kuzunguka pembe. Karatasi ya mwisho ikishaifunika inakuwa nakshi.

Rangi isiwe nyeupe. Pembe la zamani lina umanjano wa samli. Pakeni rangi ya maji isiyong'aa, ikauke, halafu msugue kahawia nyembamba iingie kwenye nakshi na mfute juu kwa kitambaa kibichi. Msipake vanishi.

Ncha ya juu izibwe, na tundu liwe ubavuni, chini kidogo ya ncha hiyo, pana la kutosha midomo kutetemeka. Mtatoboa tundu hilo kabla ya magazeti, kwa msumari wa moto, mpanue kwa kisu. Mpulizaji aishike kwa ubavu. Nimeona filamu za pwani siwa ikipulizwa kwa ncha kama tarumbeta ya harusi, na mtu wa Lamu akiona hivyo anazima simu. Tena kwa bahati, paipu hiyo inalia kweli. Rekodini mlio wake chumbani mara kadhaa kwa sauti tofauti, mzipandishe juu ya nyingine, mtasikia pembe mbili.

Kipepo

Ya kofia nimeelewa. Lakini nauliza, Wareno basi wavae nini? Na kwa nini kanga isikubaliwe, si ni vazi la Kiswahili? Mtu wa kawaida hatajua tarehe yake.

Somo wa Shela

Mtu wa kawaida wa Malindi atajua, kwa sababu kanga ina jina na maandishi, na jicho husoma kabla ya akili kukumbuka mwaka. Mtatazama mwanamke wa 1498 mkisoma fumbo lililo nguoni.

Mke wa mzee avae vitambaa viwili vya pamba visivyo na chapa, kimoja kwapani hadi chini, kingine kichwani na mabegani. Wanaume, Duarte Barbosa aliyeandika mapema karne ya 16 anasema watu wa Malindi walikuwa wazi kifua, wamejifunga nguo za pamba na hariri kiunoni, na wengine wana nguo za kujitanda na vilemba. Hilo ni zawadi kwa bajeti yenu. Wavuvi na mabaharia wavae kikoi cheupe chenye pambizo, kifua wazi, hakuna saa, hakuna alama ya mkanda wa ndala mguuni. Kilemba ni mita tatu au nne za melimeli, kifungwe na mtu anayejua.

Nguo mpya nyeupe huunguza picha ya simu, uso unakuwa mweusi. Chemsheni konzi mbili za majani ya chai kwenye ndoo nusu ya maji, mtie chumvi, mloweke nguo nusu saa. Pamba itashika rangi, poliesta haitashika. Kabla ya kununua chomoeni uzi mmoja mchome: pamba hunuka karatasi iliyoungua na kuacha majivu, poliesta huyeyuka na kufanya punje ngumu.

Joho la mtawala msinunue kitambaa kipya. Tafuteni pazia la mitumba, zito, lenye maua yaliyofumwa ndani yake, si ya kuchapwa. Geuzeni upande wa nyuma mwone: ya kufumwa yanaonekana nyuma kwa rangi iliyogeuka. Fundi akate mwili na mikono mipana kwa kipande kimoja, mbele wazi, hakuna kola, hakuna kifungo wala zipu, na satini ya kijani upana wa kiganja pembezoni.

Wareno sasa. Walikuwa wametoka Lisbon Julai 1497, miezi tisa baharini. Kwa hiyo shati la mitumba lisilo na kola, lililochakaa, kizibao cheusi juu yake na mshipi wa nje. Nguo isuguliwe mchanga na maji ya chumvi mabegani na viwikoni, mahali jua na kamba hula. Mreno mmoja anatosha, apigwe kwa nyuma ya bega, uso usionekane.

Na zawadi zipigwe mezani, mikono tu. Da Gama alimpelekea mtawala vazi, tungo mbili za marijani, mabeseni matatu, kofia, njuga na vitambaa viwili vya milia. Mtawala akajibu kwa kondoo sita, karafuu, bizari nyembamba, tangawizi, kungumanga na pilipili manga. Viungo mnavyo jikoni. Beseni lisiwe la plastiki wala la enameli yenye maua. Sufuria kuukuu isiyo na mpini, igongwe kidogo, ipakwe rangi ya shaba.

Msabaki

Nimekaa na wenzangu tukapiga hesabu. Mashua na nahodha wake nusu siku 5,000. Vitambaa, pazia na fundi 4,500. Mwavuli tunachukua fremu kuukuu ya mwavuli wa ufukweni, tunavua turubai na kushona satini nyekundu juu, pamoja na mti wake 2,000. Siwa zote mbili 900, kwa sababu magazeti tunapewa. Mito na karatasi ya fedha ya ala ya upanga 600. Kondoo tunaazima, usafiri na majani 800. Chakula cha watu kwa siku za kupiga 4,000. Inabaki 2,200 ya dharura. Viti vya shaba tumeviacha, tutakalisha mtawala kwenye viti vya mbao vilivyofunikwa mito na kitambaa hadi chini.

Baba Nahodha (Lamu)

Siwa za 900 na chakula cha 4,000, mna akili. Ila huo mwavuli mwangalie. Satini inashika upepo, na kusi ikipata mwavuli ndani ya mashua iliyosimama itawageuza au itavunja mti. Fanyeni asubuhi kabla upepo haujaamka, watu wawili wauzuie mti chini ambako kamera haifiki, na nahodha akisema fungeni, mfunge bila kubishana. Kamera iwe juu kidogo ya usawa wa macho ya mtawala, isije ikaona vyuma vya ndani.

Mwalimu wa Kilifi

Naomba kuongeza la kiserikali. Kupiga filamu Kenya kunahitaji leseni, na maeneo yaliyo chini ya Makumbusho ya Taifa yanahitaji ruhusa yao. Ulizeni mapema, hasa mkitaka makaburi ya nguzo pale Malindi. Hilo sikuliona kwenye hesabu yenu.

Msabaki

Ahsante mwalimu. Tutauliza kwanza ada ni kiasi gani, na ikizidi akiba yetu makaburi tutayaacha.

Sasa kuna jambo limetugawa. Mwenzetu mmoja amesoma zaidi akakuta kwamba rubani hakutolewa kwa furaha tu. Jumapili tarehe 22 Aprili alikuja mtu wa karibu wa mtawala melini bila rubani, na da Gama akamzuia hadi rubani alipoletwa. Wawili wetu wanataka liingie. Wengine wanasema filamu ni ya urafiki, tutauvuruga.

Somo wa Shela

Ni kweli, limeandikwa hivyo hivyo. Siku tisa za ngoma na michezo ya vita, na katikati yake mtu anazuiliwa. Nami nasema liingie. Msimulizi wenu mwenyewe alikuwa mateka. Siku ya mkutano da Gama aliwaachia wote aliowakamata, mzee amempata mkewe, kisha siku nne baadaye anaona mtu mwingine wa mji wake anazuiliwa vile vile. Sentensi mbili za simulizi juu ya uso wake zinatosha.

Baba Nahodha (Lamu)

Mimi siafiki, dada. Mtawala wa Malindi alikuwa na sababu zake, alikuwa na ugomvi na Mombasa na alitaka rafiki mwenye mizinga. Mkimaliza na mateka, mtamfanya aonekane mjinga aliyedanganywa. Siku ile ya mkutano yeye hakushuka cheo: alizunguka meli zao kwa chombo chake, wakampigia mizinga, na da Gama alipoombwa ashuke nchi kavu akakataa. Nani hapo alikuwa na hofu? Mzinga hamhitaji kuuonyesha, onyesheni mtawala akisikia mlio na asishtuke.

Kipepo

Hilo la mtawala kutoshtuka nimelipenda. Lakini alimwacha mwanawe na sharifu mmoja melini siku ile, sivyo? Mtu haachi mwana kwa asiyemwamini.

Somo wa Shela

Aliwaacha, ndiyo, na upande wa pili Wareno wawili wakaenda naye kuuona mji wake. Kila upande ulishika dhamana. Baba Nahodha, hoja yako ina uzito, na sitaki kuibishia zaidi ya hapa. Mzinga uwe mlio wa mlango mzito wa mbao ukifungwa chumbani, upunguzwe kasi, na uchelewe kidogo baada ya picha kama unatoka mbali.

Msabaki, pigeni sehemu zote mbili, ya mzinga na ya mtu aliyezuiliwa. Ile ya pili ni uso wa mzee tu, haiongezi gharama. Mtaamua mkiwa mnahariri.

Msabaki

Tutafanya hivyo. Kesho tunaanza paipu. Baba Nahodha, siku tatu kabla ya mwezi mpevu ujao ni Alhamisi. Mashua tuifunge Alhamisi au tuchukue na Ijumaa kama akiba?

Baba Nahodha (Lamu)

Fungeni Alhamisi kwa fungu na mzee peke yake, hiyo haihitaji mashua kubwa, hori linatosha. Mashua na mwavuli ziwe siku nyingine maji yakiwa yamejaa asubuhi, ili msikwame kwenye mwamba. Na mwambieni nahodha kabla hamjalipa kwamba mtamfunikia namba ya chombo kwa jamvi, wengine hawapendi.